Kanyagio Hupimwa kwa Kushikiliwa

Anayenunua rimoti ya slaidi kwa kawaida huanza na umbo lake: jinsi inavyokaa kiganjani na jinsi nukta nyekundu ya leza inavyong'aa ukutani. Mjuzi hayo huyaacha mwisho. Kwanza huchomeka kipokezi kwenye kompyuta, hufungua hati ndefu ya maandishi, kisha hubonyeza kitufe kimoja kimoja huku macho yakiwa kwenye skrini. Kwa kompyuta, rimoti ni kibodi ndogo tu. Logitech R400, rimoti iliyoenea sana, hutuma Page Down kusogeza slaidi mbele na Page Up kurudi nyuma. Kitufe chake cha kuanzisha onyesho hutuma F5, na kikibonyezwa tena hutuma Esc. Kile cha kuifanya skrini iwe nyeusi huandika nukta, ile ile ya mwisho wa sentensi. Kanyagio la mguuni nalo ni hivyo hivyo: kibodi yenye kitufe kimoja, viwili au vitatu.

Baada ya kubonyeza huja jaribio la kushikilia, na hapo ndipo vifaa hutengana. Mjuzi hubana kitufe na kuhesabu polepole hadi tatu kabla ya kuachia. Ikiwa hati itasogea mara moja na kutulia, kifaa kimetuma mguso mmoja: kimebonyeza na kuachia papo hapo, bila kujali kidole bado kipo. Ikiwa hati itasogea, itasita karibu nusu sekunde, kisha itaanza kukimbia kurasa, basi kifaa kinatuma kushuka kwa kitufe na kinangoja hadi kiachiwe ndipo kitume kupanda.

Tabia hizi mbili hazina ubora wa jumla. Kila moja ina kazi yake. Anayefungua kitabu cha nyimbo kwenye tableti huku mikono yote miwili iko kwenye kinanda anataka mguso mmoja, maana mguu ukichelewa kidogo kuinuka kurasa tatu zitakuwa zimempita. Anayetaka kushikilia ndipo asikike mkutanoni anahitaji tabia ya pili. Rimoti isiyoweza kushikilia haifundishiki kazi hiyo kwa programu yoyote, kwa sababu habari ya kidole kuinuka haiifikii kompyuta kabisa.

Na hapa Kalundu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kazi hiyo ina sababu. Umeme ukikatika jenereta hunguruma dirishani, na upande wa bandari honi za boti hazingoji msemaji amalize. Mtafiti wa ziwa anayezungumza na wenzake wa Bujumbura, Kigoma na Mpulungu hufunga maikrofoni muda wote na kuifungua anapotaka kusema tu. Zoom ina njia yake: kushikilia Space hufungua sauti kwa muda, na Teams kwenye Windows hutumia Ctrl+Space. Kanyagio likifundishwa kutuma Space, mambo yanaonekana yamekwisha.

Hayajaisha. Herufi huenda kwenye dirisha lililo mbele. Mtafiti huyo akiwa anaonyesha slaidi zake, dirisha lililo mbele ni la slaidi, na huko Space maana yake ni slaidi inayofuata. Atakanyaga ili ajibu swali kuhusu dagaa, naye atajikuta kwenye jedwali la mvua, sauti yake bado imefungwa. Kosa hili halionekani kwenye jaribio la nyumbani, ambako Zoom huwa ndiyo dirisha pekee lililofunguliwa. Kanyagio lipimwe onyesho likiwa limejaza skrini.

Dawa yake ni Alt+A, njia ya Zoom ya kufungua na kufunga maikrofoni kwenye Windows. Katika orodha ya Keyboard Shortcuts, ndani ya Settings, kuna kisanduku cha Enable Global Shortcut. Kikiwekewa alama, Alt+A husikika hata Zoom ikiwa nyuma ya madirisha mengine. Lakini hapa upande huu wa ziwa una mtego wake. Kanyagio likifundishwa Alt+A, halihifadhi herufi; huhifadhi mahali pa kitufe, kwa kufuata kibodi ya Kiingereza. Kompyuta nyingi za Kongo zimepangwa kwa kibodi ya Kifaransa, ambako mahali pa A pana Q. Kanyagio linatuma mahali pale pale, kompyuta inasoma Alt+Q, na kwa Zoom hiyo ni amri ya kuuliza kama mkutano ufungwe. Msemaji anakanyaga aombe neno, anaulizwa kama anataka kuondoka.

Nukta ya R400 huumwa na ugonjwa huo huo. Mahali pake, kwenye kibodi ya Kifaransa, pana nukta mbili, na PowerPoint haiigeuzi skrini kuwa nyeusi kwa alama hiyo. Muuzaji atasema kitufe kimekufa. Hati ya maandishi itaonyesha mara moja kwamba kinafanya kazi. Kinaandika `:` tu. Page Down na Page Up hazina shida hii, maana ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili, na ndiyo sababu rimoti mbaya huweza kupita mtihani wa haraka dukani.

Fundi makini haliandikii kanyagio herufi yoyote. Hulipa F13, kitufe ambacho kibodi nyingi hazina, hivyo hakigongani na kitu, kisha huiachia kompyuta itafsiri. Kwa AutoHotkey toleo la 2, mistari hii inatosha:

```
F13::
{
    Send "!a"
    KeyWait "F13"
    Send "!a"
}
```

Alama `!` ni Alt. Mguu ukishuka, maikrofoni inafunguka. Mstari wa `KeyWait` unasubiri mguu uinuke. Ukiinuka, maikrofoni inafungwa. Herufi `a` inatafutwa na programu yenyewe kwenye kibodi iliyopangwa, kwa hiyo Kifaransa hakiisumbui. Bila mstari huo wa katikati, F13 ingejirudia kadiri mguu unavyokaa, na sauti ingefunguka na kufungwa mfululizo. Walioko Kigoma wangesikia maneno yaliyokatwakatwa na kulaumu mtandao.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni wa kukumbukwa. Alt+A hugeuza hali iliyopo tu, haijui iko upande gani. Mwenyekiti akimfunga msemaji sauti mguu ukiwa chini, kuinua mguu kutamfungua, na kuanzia hapo kanyagio litafanya kinyume: jenereta itasikika mkutano mzima, na msemaji atakatika kila akikanyaga. Tiba ni kubofya alama ya maikrofoni mara moja kwa kipanya, mguu ukiwa juu. Anayeandaa mkutano amwonyeshe msemaji alama hiyo ilipo kabla ya kuanza.

Baada ya haya yote ndipo mwili wa kifaa uangaliwe. Kanyagio la waya lishinde la betri, maana hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta na haliwezi kulala usingizi katikati ya hotuba. Chini liwe na mpira unaong'ang'ania. Kwenye vigae, jepesi hukimbia mguu hadi msemaji alitafute chini ya meza akiwa anazungumza. Mguso wake uwe na kina kinachosikika kupitia soli ya kiatu, na lisitoe mlio mkali, kwa sababu maikrofoni inafunguka wakati ule ule mlio unapotokea, na neno la kwanza litakalofika Bujumbura litakuwa "tak".