Fundi Anayeuliza Kabla ya Kupanga

Mlabani, pale Ifakara, yupo fundi wa madishi ambaye akiitwa kusachi chaneli hashiki rimoti kwanza. Hutoka uani akatazama mbingu upande ule dishi linakoelekea. Dishi la nyuzi 7 mashariki, kwenye setilaiti wanayotumia Azam, likiwa hapa Ifakara hutazama magharibi, kaskazini kidogo, limeinuka nyuzi 54 hivi. Kwa hiyo milima ya Udzungwa hailizibi, lakini mvua inayotoka upande huo hupita katikati ya njia yake. Masika wingu likijaa huko, fundi huyu huahirisha kazi hata kama mwenye nyumba anasisitiza.

Ana sababu. King'amuzi kikisachi hupita masafa mamoja baada ya mengine, na kila mamoja hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja. Masafa ambayo mvua imeyadhoofisha kwa dakika ile hurukwa, na kundi lake lote la chaneli halionekani kwenye orodha. Baya zaidi, vipo ving'amuzi vinavyofuta orodha ya zamani kabla ya kuanza upya, hivyo unatoka na chaneli chache kuliko ulizoingia nazo. Nimemwona akiangalia mistari miwili kwenye skrini bila kuuamini ule wa "Strength". Mstari huo unaweza kuwa mrefu kwa sababu LNB imepata umeme tu, hata dishi likielekea kwingine. Anaousubiri ni "Quality". Ukipanda na kushuka hovyo, anarudi kwenye dishi. Ukitulia, ndipo anabonyeza "Blind Scan".

Mafundi wengi huishia hapo, wakalipwa wakaondoka. Mwenye nyumba huachiwa orodha iliyofuata mpangilio wa masafa: chaneli ya mahubiri ya lugha asiyoijua, redio, chaneli yenye jina la tarakimu tupu na skrini nyeusi, kisha mbali kabisa huko ndiyo TBC1. Kwa mtu mzima asiyeona vizuri vitufe, televisheni ya namna hiyo ni kama imeharibika.

Siku moja kazi ilikuwa kwa bibi anayeishi na wajukuu. Fundi alikaa chini akauliza, "Bibi, ukiwasha unataka uone nini kwanza?"

"Habari, mwanangu. Lakini TBC wakisoma habari, na ITV nao wanasoma. Nataka nitazame zote mbili."

Jibu hilo ndilo lililopanga orodha. Taarifa kubwa ya habari kwa vituo vyote viwili ni saa mbili usiku, kwa hiyo fundi aliviweka jirani, namba 1 na 2. Bibi akibonyeza kitufe cha kupandisha mara moja yuko ITV, akishusha amerudi TBC1, bila kuandika tarakimu yoyote. Chaneli za wajukuu, EATV ikiwamo, alizifungulia kundi lao wenyewe, ili mtoto akicheza na rimoti asivuruge za bibi.

Wala hakufuta kitu kwenye orodha kuu. Alipita chaneli moja moja, akasubiri picha itokee na sauti isikike, ndipo akaiwekea alama kwa kitufe cha "FAV". Chaneli zilizotokea mara mbili kwa jina moja alizitazama zote, akachukua ile yenye picha tulivu. Kisha akaingia ndani ya kundi la vipendwa na kusogeza kwa "Move" mpaka mpangilio ukakaa. Uvumilivu huu wa kusubiri picha naupenda kuliko yote, maana jina kwenye orodha halithibitishi kwamba kituo kiko hewani.

Akishamaliza hutoka kwenye menyu taratibu hadi king'amuzi kiulize kama kihifadhi, naye hukubali. Ving'amuzi vingi huandika mabadiliko wakati huo tu. Umeme ukikatika ukiwa bado ndani ya menyu, kazi yote imepotea. Halafu huchomoa waya ukutani kwa makusudi, akachomeka tena na kukagua namba 1 mpaka ya mwisho. Orodha ikiwa imebaki, huinakili kwenye flashi, king'amuzi kikiwa na nafasi hiyo.

Baadaye kituo kinaweza kuhamia masafa mengine. Namba yake kwenye vipendwa hubaki, skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi huku chaneli nyingine zikionekana vizuri. Hiyo ndiyo dalili: dishi lingekuwa limesogea, zingekufa nyingi kwa pamoja. Hapo fundi hasachi setilaiti nzima. Huingiza masafa yale mapya peke yake, akayasachi, na chaneli mpya inapoangukia mkiani mwa orodha kuu huipa alama, huisogeza hadi namba ileile ya zamani, kisha huiondoa iliyokufa. Bibi akiwasha saa mbili usiku, kidole chake kinakwenda palepale.