Kati ya fork na exec

Fungua folda mpya isiyo na kitu ndani, kisha andika `ls > orodha.txt`. Umeiomba kompyuta iorodheshe yaliyomo na kuyaweka kwenye faili. Folda ilikuwa tupu, kwa hiyo ungetarajia faili tupu. Sasa lifungue hilo faili. Lina mstari mmoja, nao unasema `orodha.txt`. Orodha imejiorodhesha yenyewe.

Nimewauliza vijana wengi wanaoanza kazi hii: faili hilo limeundwa na nani? Karibu wote hunijibu kwamba ni `ls`. Lakini `ls` kazi yake ni kusoma majina na kuyatamka, basi. Iliponyanyuka kuanza kazi ilikuta faili limeshakaa humo, ikalihesabu kama ambavyo ingehesabu faili lingine lolote. Haikujua kwamba lilikuwa lake.

Aliyeliunda ni sheli. (Najua kwamba kwa Mtanzania sheli ni mahali pa kujaza mafuta, hapa ni ile programu inayokungojea kwenye skrini nyeusi, inayosoma unachoandika na kuwaita wengine waje kukifanya.) Tena hakuliunda yeye mwenyewe hasa, bali pacha wake aliyeishi kwa muda mfupi mno. Pacha huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Katika Unix na watoto wake wote, Linux ikiwamo, kuanzisha programu ni kazi iliyokatwa vipande viwili. Cha kwanza huitwa `fork`, nacho hakiombi chochote. Mabano yake ni matupu. Mchakato mmoja unaiita, michakato miwili inarudi. Wa pili ni nakala ya wa kwanza: kumbukumbu ileile, mafaili yaleyale yaliyofunguliwa, folda ileile unamosimama, na hata mstari uleule wa programu uliokuwa ukitekelezwa. Wote wawili wanazinduka katikati ya sentensi moja, kila mmoja akidhani ndiye aliyeianza.

Watajuaje nani ni nani? Kwa jibu wanalopewa. Mzazi anajibiwa namba ya mtoto wake, mtoto anajibiwa sifuri. Mpango huu una busara ya nyumbani: mzazi aweza kuwa na watoto wengi, hivyo ni lazima aambiwe huyu ni yupi, mtoto mzazi wake ni mmoja, na akitaka kumjua atauliza.

Mtu atasema ni ubadhirifu kunakili sheli nzima ili kuendesha `ls`, ilhali nakala hiyo itatupwa punde. Ingekuwa hivyo kama nakala ingefanywa kweli. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayosimamia vifaa na michakato yote, huwaacha wawili hao wasome kurasa zilezile za kumbukumbu, kwa kawaida za baiti 4096 kila moja, na kuzifunga zisiandikwe. Wa kwanza atakayejaribu kuandika juu ya ukurasa ndiye anayekatiwa nakala ya ukurasa huo peke yake. Kinachonakiliwa mara moja ni daftari la kuonyesha kurasa ziko wapi, na kwa programu ndogo kama sheli daftari hilo ni jembamba.

Kipande cha pili ni `exec`. Hiki hakizai mtu. Mchakato unaokiita unabaki na namba yake, lakini programu iliyokuwa ndani yake inafutwa na nyingine inapakiwa mahali pake. Ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji wa zamani ametolewa na vyombo vyake vyote, mpya ameingia, anwani haikubadilika. Na mabomba hayajaguswa. Mpangaji mpya atamwaga maji kwenye karo bila kujua yanatokea mtaroni au kwenye shimo la jirani.

Mabomba hayo yana namba. Kila mchakato, kwa desturi, huanza ukiwa na matatu: namba 0 ya kusomea, namba 1 ya kutolea matokeo, na namba 2 ya kutolea malalamiko. `ls` inaandika kwenye namba 1. Ikiulizia chochote, itaulizia tu kama namba 1 ni skrini. Ikiona siyo, hupanga majina moja kwa kila mstari badala ya safu kadhaa. Zaidi ya hapo haina shauku.

Sasa tazama sheli ilivyofanya uliposhika kitufe cha kuingiza. Ilisoma mstari, ikaukata penye nafasi, ikauona mshale na kuuondoa pamoja na jina lililoufuata. `ls` haitapewa maneno hayo kamwe. Kisha ikafanya, ukiondoa ukaguzi wa makosa, kitu kama hiki:

```
pid = fork();
if (pid == 0) {
    fd = open("orodha.txt",
              O_WRONLY | O_CREAT | O_TRUNC, 0666);
    dup2(fd, 1);
    close(fd);
    execvp("ls", maneno);
    _exit(127);
}
waitpid(pid, &hali, 0);
```

Mistari inayosomwa na mtoto ni ile iliyo ndani ya mabano ya `if`, na uzuri wote umo humo, katika ule upenyo kati ya `fork` na `exec`. Mtoto bado ni sheli: ana akili ya sheli na anajua ulichoandika. Lakini mwili ni wake. Analifungua faili, analiunganisha na bomba namba 1, na bomba la mzazi halitikisiki. Hapo ndipo `orodha.txt` inapozaliwa, kabla `ls` haijapakiwa. Halafu anaita `execvp`, ambayo inaitafuta `ls` katika folda zilizotajwa kwenye `PATH`, na akili ya sheli inafutika.

Huo mstari wa `_exit(127)` wageni huushangaa. Ukisomwa haraka utadhani kila amri inaishia kwenye kosa. Lakini `exec` ikifaulu hairudi. Hakuna aliyebaki wa kurudiwa. Mstari unaofuata hufikiwa tu pale iliposhindikana. Ndiyo maana ukikosea tahajia ya amri kisha ukaandika `echo $?`, unaona 127, na ukiitaja kwa njia yake programu iliyopo lakini isiyo na ruhusa ya kuendeshwa, unaona 126. Hizo ni salamu za mwisho za mtoto aliyeshindwa kubadilika.

Upenyo huu nimeujua kwa gharama. Miaka ya nyuma, katika ofisi nisiyoitaja, nilipewa faili la majina ya wateja nilipange kwa alfabeti. Nikaandika `sort wateja.txt > wateja.txt`, nikarudi kwenye chai yangu. Faili likawa na baiti sifuri. Nikailaumu `sort` mbele ya watu. Leo naweza kuitetea mahakamani: `O_TRUNC` maana yake ni kulimwaga faili lililopo, na mtoto alilimwaga akiwa bado sheli. `sort` ilipofika ilikuta sufuria tupu, ikapanga hewa kwa uaminifu kabisa. Dawa ni `sort -o wateja.txt wateja.txt`, kwa kuwa hapo `sort` yenyewe ndiyo inayofungua faili la kuandikia, na inangoja hadi imalize kusoma.

Ufundi huu haukushuka kamili. Mwaka 1969, katika Maabara ya Bell huko New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na Unix ya mwanzo kwenye mashine ya PDP-7, na humo hakukuwa na `fork`. Kila skrini ilikuwa na mchakato mmoja tu. Sheli iliposoma amri, iliipakia juu ya mwili wake yenyewe na kutoweka. Programu ilipokwisha, sheli ilipakiwa upya. Kwa maneno mengine, kazi ya `exec` ilitangulia, mtoto hakuwapo. Wazo la `fork` lilikuwa tayari katika mfumo wa Genie wa Berkeley. Ritchie aliandika baadaye kwamba kwenye PDP-7 iliwagharimu mistari 27 ya lugha ya mashine, na kwamba kazi yote ilichukua siku chache.

Kisha ikaharibika amri ya kuhama folda. Ilikuwa ikifanya kazi jana, leo haifanyi. Walisoma programu yao wakihangaika hadi wakaelewa kwamba haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inahama kweli, lakini sasa ilihama ndani ya mtoto. Mtoto alikwenda, akafa huko, na mzazi alikuwa bado amesimama palepale. Ndiyo sababu hadi leo `cd` ni moja ya amri chache ambazo sheli haimtumi mtu, inakwenda yenyewe.

Kuhusu mzazi sina mengi. Baada ya kuzaa anakaa kwenye `waitpid` hadi mtoto afe na kuacha hali yake ya mwisho. Mzazi akizembea kuichukua, mtoto hubaki kwenye orodha ya michakato akiwa hana mwili wala kazi, msukule mtupu. Kwenye `ps` utamwona na herufi `Z`. Mzazi akitangulia kufa, yatima huyo kwa kawaida hulelewa na mchakato namba 1.

Wapo wanaotaka `fork` istaafu, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwaka 2019 Andrew Baumann na wenzake waliandika makala wakisema ni masalia ya zama za mashine ndogo. Programu kubwa yenye gigabaiti nyingi ina daftari nene la kurasa, na kulinakili huchukua muda. Programu yenye nyuzi nyingi ni mbaya zaidi: uzi ulioita `fork` ndio pekee unaovuka kwenda kwa mtoto, na kama uzi mwingine ulikuwa umeshika kufuli, mtoto analirithi likiwa limefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Mtoto anaganda, tena si kila siku, ambalo ni kosa baya kuliko yote kulitafuta. Kwa programu za namna hiyo nakubaliana nao, zitumie `posix_spawn`.

Lakini kwa sheli sikubali. Windows huanzisha programu kwa `CreateProcess`, yenye vigezo 10, kwa sababu pasipo upenyo ni lazima yote yasemwe mapema. `fork` haina hata kimoja, na bado mtoto aweza kubadili bomba, kuhama folda au kujiwekea kikomo cha kumbukumbu, akitumia miito ileile ya kila siku.

Na kama una kompyuta ya macOS, tafuta `/usr/bin/cd`. Ipo. Iendeshe kwa njia yake kamili, uipe folda yoyote ya kwenda, halafu andika `pwd`.