Kidonda kimefungwa: ni *wird* au *ist*?

Muuguzi anayeanza kazi katika wodi ya Ujerumani hukutana mapema na sentensi mbili zinazofanana kwa kila neno isipokuwa moja. Ya kwanza ni *Bei der Aufnahme wurde die Wunde verbunden.* Ya pili ni *Bei der Aufnahme war die Wunde verbunden.* Zote zinazungumzia kupokelewa kwa mgonjwa, kidonda na bandeji. Lakini ya kwanza inasema kwamba mgonjwa alipopokelewa, wahudumu wa hospitali walimfunga kidonda. Ya pili inasema alifika kidonda kikiwa tayari kimefungwa, labda na watu wa gari la wagonjwa, labda na mkewe nyumbani. Anayesoma ripoti ya pili atataka kujua kuna nini chini ya bandeji hiyo, kwa sababu hakuna mtu wa wodini aliyekiona kidonda. Anayesoma ya kwanza anajua kuna mwenzake wa kumuuliza.

Kijerumani kina kauli mbili za kutendwa. Moja hujengwa kwa kitenzi *werden* pamoja na partisipi, yaani umbo kama *verbunden*, *geschlossen* au *gewaschen*. Hiyo husimulia tukio: jambo linafanyika, lilifanyika, hufanyika kila siku. Nyingine hujengwa kwa *sein* na partisipi ileile, nayo haisimulii tukio lolote. Inaeleza hali iliyobaki baada ya tukio kwisha. *Die Tür wird geschlossen*: kuna mtu ameshika mlango, unafungwa. *Die Tür ist geschlossen*: mlango umefungwa, nenda zako au piga hodi.

Msemaji wa Kiswahili hupotea kwenye tofauti hii mahali mahususi, na mahali penyewe ni kiambishi cha *-me-*. Tukisema «mlango umefungwa», tunaweza kuwa tunatoa habari ya tukio lililotokea sasa hivi, au tunaweza kuwa tunaeleza hali ya mlango kama tunavyouona. Kiswahili hakitulazimishi kuchagua. Kijerumani kinalazimisha, na kina majibu mawili: habari ya tukio ni *Die Tür ist geschlossen worden*, hali ni *Die Tür ist geschlossen*. Neno dogo *worden* ndilo lenye kazi yote. Mwanafunzi akilidondosha hasikii kasoro yoyote, kwa kuwa tafsiri aliyo nayo kichwani bado ni ileile «umefungwa».

Kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili chenyewe kina kipimo cha kututoa hapo, nacho nakiona bora kuliko majedwali mengi ya vitabuni. Ihamishe sentensi yako kwenye wakati uliopita au ujao, kisha uangalie inakuwaje. Ikigeuka «mlango ulifungwa» au «utafungwa», unazungumzia tukio, chukua *werden*. Ikidai «ulikuwa umefungwa» au «utakuwa umefungwa», unazungumzia hali, chukua *sein*. Mfano wa barabara unaonyesha vizuri, kwa sababu Wajerumani hupenda kutumia wakati uliopo hata kwa mambo ya kesho. *Morgen wird die Straße gesperrt* ni «kesho barabara itafungwa»: vizuizi vinakuja kesho, na asubuhi na mapema huenda bado unapita. *Morgen ist die Straße gesperrt* ni «kesho barabara itakuwa imefungwa»: panga njia nyingine kwa siku nzima. Mwenye kuwahi uwanja wa ndege anahitaji kujua ameambiwa ipi.

Turudi wodini, saa ya kukabidhiana zamu, tufuate bandeji moja kuanzia asubuhi. Kwenye mpango wa kazi imeandikwa *Der Verband wird täglich um 8 Uhr gewechselt.* Huo ni utaratibu: bandeji hubadilishwa kila siku saa mbili asubuhi. Kiswahili hapa kingetumia *hu-*, na *hu-* ya kutendwa karibu kila mara inakwenda na *werden*. Saa mbili na dakika tano mwenzako anachungulia chumbani, nawe una glovu mikononi. Unamjibu *Der Verband wird gerade gewechselt*, inabadilishwa sasa hivi. Neno *gerade* linaonyesha jambo liko mkononi, na halikubali kukaa na kutendwa kwa *sein* kwa maana hiyo, maana hali haina katikati ya kutendeka.

Zamu inakwisha. Anayekupokea anauliza kilichobaki, unasema *Der Verband ist gewechselt.* Maana yake: hilo limekwisha, usilishughulikie tena. Hujataja saa wala aliyefanya, na hakuna haja. Lakini kwenye ripoti ya maandishi lazima saa ionekane, na hapa ndipo kosa hujitokeza. Muuguzi mgeni huandika *Der Verband ist um 8 Uhr gewechselt.* Msomaji Mjerumani husita. Ama neno limeruka, ama anaambiwa kwamba ikifika saa mbili bandeji inatakiwa iwe imeshabadilishwa. Saa iliyowekwa kwenye sentensi ya *sein* huonyesha wakati hali ilipokuwepo, haionyeshi wakati tendo lilipotokea. Kinachotakiwa ni *ist um 8 Uhr gewechselt worden* au, kama ilivyo kawaida zaidi katika maandishi, *wurde um 8 Uhr gewechselt*. Nawashauri wanaoanza waishike hiyo ya mwisho kwa ripoti zote: ni fupi, haina *worden* ya kusahaulika, na haichanganyiki na hali.

Maneno ya wakati ndiyo mashahidi wazuri unaposoma kazi yako mwenyewe. *Seit*, yaani «tangu», hupenda hali: *Die Station ist seit Montag geschlossen*, wodi imefungwa tangu Jumatatu na bado imefungwa. Maneno ya namna ya kutenda, kama *langsam* au *vorsichtig*, hupenda tukio. Unaweza kusema *Die Tür wird langsam geöffnet*, mlango unafunguliwa polepole, lakini huwezi kuweka *ist* hapo ukaeleweka hivyo, kwa sababu mlango uliokwisha kufunguka hauna tena upole wala haraka.

Hapa ni lazima niseme mipaka ya kile kipimo changu. «Kilikuwa kimefungwa» cha Kiswahili nacho kina kazi mbili. Huweza kueleza hali, na huweza kutaja tukio lililotangulia tukio jingine: «kidonda kilikuwa kimefungwa na daktari saa moja kabla». Hiyo ya pili kwa Kijerumani ni *war verbunden worden*. Ukiona mtendaji ametajwa au saa ya tendo imetajwa, kwa kawaida umeshatoka kwenye hali hata kama Kiswahili chako kina *kuwa* na *-me-* kwa pamoja.

Kuhusu mtendaji, vitabu husema tu kwamba *von* haiendi na *sein*. Ni kweli kwa sehemu kubwa. *Die Tür ist vom Pfleger geöffnet* haikai vizuri, kwa kuwa mlango ulio wazi hauonyeshi mkono uliouachia. Lakini *Das Formular ist vom Arzt unterschrieben* inakubalika kabisa: fomu imetiwa saini na daktari, na saini yake bado ipo mbele yako. Vivyo hivyo *Das Haus ist von einer Mauer umgeben*, nyumba imezungukwa na ukuta, kwani ukuta ndio unaoishikilia hali hiyo mpaka sasa. Basi swali la kujiuliza ni hili: mtendaji bado anaonekana ndani ya hali yenyewe? Kama anaonekana, *von* hupita.

Swali hilohilo la alama iliyobaki hueleza kwa nini vitenzi vingine havina kutendwa kwa *sein*. *Die Kollegin wird gelobt*, mwenzetu anasifiwa, ni sentensi safi. *Die Kollegin ist gelobt* humshangaza msikilizaji, kwa sababu sifa ikishatolewa haimwachi mtu katika hali mpya inayoonekana. Hata hivyo wodi ina desturi zake. *Der Blutdruck ist gemessen*, presha imepimwa, husemwa bila shida ingawa kupima presha hakuachi chochote mwilini. Hali inayoelezwa hapo ni ya kazi: kwenye orodha ya leo, jambo hilo limeshafutwa. Ndiyo maana kitenzi kileile kinaweza kukataa mahali pamoja na kukubali pengine. Angalia kama kuna orodha ya kazi akilini mwa wanaozungumza.

Kuna sentensi za *ist* na partisipi ambazo si za kutendwa kabisa. *Der Patient ist aufgewacht*, mgonjwa ameamka. *Der Patient ist gestorben*, mgonjwa amefariki. Vitenzi vya kubadilika hali na vya mwendo huunda wakati uliopita kwa *sein*, na sura yake inafanana na ya *Der Patient ist operiert*, mgonjwa ameshafanyiwa upasuaji. Kuzitenganisha ni rahisi ukiigeuza sentensi iwe ya kutenda. Daktari anaweza *den Patienten operieren*, kwa hiyo ni ya kutendwa. Hakuna awezaye *den Patienten sterben*, kwa hiyo si ya kutendwa. Kiswahili kinasaidia tena hapa: «ameamka» na «amefariki» havina *-w-* ya kutendwa, ilhali «amefanyiwa» kinayo.

Wengine, wakiona kwamba *sein* ni ya hali, huikimbilia kauli yetu ya kutendeka, ile ya «kuvunjika» na «kufunguka». Sikubaliani nao. «Mlango umefunguka» humwacha mtendaji nje kabisa. Huenda ni upepo. *Die Tür ist geöffnet* bado inabeba kumbukumbu kwamba kuna aliyefungua, hata kama hatajwi. Ukitaka hali tupu isiyo na historia, Kijerumani kina kivumishi chake, *Die Tür ist offen*, mlango uko wazi. Kwenye maduka mpaka huu umefifia, na *geöffnet* mlangoni haimaanishi zaidi ya kwamba unakaribishwa kuingia.

Mtego wa mwisho ni *wird* yenyewe, ambayo pia hujenga wakati ujao. Katika *Um 18 Uhr wird die Tür geschlossen sein* jicho hunasa *wird* na kudhani ni tukio. Soma mpaka mwisho wa sentensi, kwa kuwa ndiko Wajerumani huweka uamuzi. Ukikuta *sein* ni hali: saa kumi na mbili jioni mlango utakuwa umefungwa, na anayefika wakati huo atakuta umeshafungwa. Ukikuta *werden*, kama katika *wird geschlossen werden*, ndiyo kwanza mtu anakwenda kuufunga, na mwenye mbio anaweza bado kupita.