Kitini Kisichorudia Slaidi: Mfano wa Somo la Mpango B

Slaidi na kitini huwafikia watu walewale katika hali mbili tofauti. Slaidi hukaa ukutani kwa dakika moja au mbili, mwezeshaji ndiye anayeamua mwendo, na sauti yake hujaza yasiyoandikwa. Kitini husomwa mwezeshaji akiwa hayupo, mara nyingi na mtu anayetafuta jambo moja tu. Kwa hiyo ukutani panafaa kile ambacho wote wanapaswa kukiona kwa pamoja huku kikielezwa. Karatasini panafaa kile kitakachohitajika projekta ikishazimwa.

Mazoea ni tofauti. Saa moja kabla ya warsha mtu hufungua PowerPoint, huchagua kuchapa slaidi 6 kwa kila ukurasa, kisha hupeleka karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Slaidi pana ina upana wa karibu sentimita 34. Zikibanwa sita kwenye A4, kila moja hubaki na karibu sentimita 8.5, yaani robo. Herufi za pointi 24 zilizosomeka vizuri ukutani hushuka hadi pointi 6. Hata hivyo, udogo wa herufi si kasoro kubwa. Kasoro kubwa ni kwamba maneno ya slaidi ni nusu sentensi. Slaidi iliyoandikwa “ORS – saa 4” ilieleweka ukumbini kwa sababu mwezeshaji alikuwa akizungumza. Baada ya miezi mitatu, muuguzi anayeishika karatasi hiyo hawezi kujua kama ORS hutolewa ndani ya saa 4 au kila baada ya saa 4.

Wengine hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza maneno kwenye slaidi yenyewe, ili faili moja lifanye kazi zote mbili. Hapo ukumbi ndio huumia. Msomaji huenda haraka kuliko msemaji, hivyo washiriki huanza kusoma mbele huku wakijaribu kusikiliza, na mara nyingi huambulia kidogo katika yote mawili.

Mgawanyo wa kazi kati ya slaidi na kitini huonekana vizuri katika somo la Mpango B, yaani utaratibu wa kumpa ORS mtoto mwenye kuhara na upungufu wa maji wa kiasi, kama unavyofundishwa katika mwongozo wa WHO na UNICEF wa kuhudumia watoto wagonjwa. Kanuni yake ni fupi: mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 4, akiwa kituoni. Wanaofundishwa ni wauguzi na waganga wa zahanati, na somo huchukua chini ya saa moja.

Ukutani panahitajika kwanza dalili ambayo karatasi haiwezi kuionyesha. Ngozi ya tumbo ikifinywa na kuachiwa, ya mwenye upungufu wa kiasi hurudi polepole, na ya mwenye upungufu mkali huchukua zaidi ya sekunde 2. Video fupi, isiyo na maneno, humruhusu mwezeshaji kuhesabu kwa sauti pamoja na washiriki. Picha ya video hiyo haina nafasi kwenye kitini: ikipita kwenye fotokopi mara mbili hugeuka doa jeusi. Kitini huweka badala yake sentensi mbili za kupambanua, kila moja ikitaja sekunde.

Slaidi inayofuata hubeba hesabu moja tu. Mtoto ana kilo 12. 75 mara 12 ni mililita 900. Lengo ni washiriki waone njia ya kukokotoa, si wakariri majibu. Jedwali zima la uzito na mililita likiwekwa ukutani, herufi huwa ndogo na hakuna anayejua atazame mstari upi. Mahali pake ni kwenye kitini, kilo baada ya kilo: kilo 6 mililita 450, kilo 8 mililita 600, kilo 10 mililita 750, na kuendelea. Anayelisoma saa nane usiku, mtoto akiwa mezani, hahitaji tena kuzidisha.

Karibu na safu ya mililita huwekwa safu ya vikombe, nayo huachwa tupu kwa makusudi. Vikombe vya zahanati moja havilingani na vya nyingine, na kitini kinachochapa “vikombe 4 na nusu” kwa mililita 900 kimeshaamua kwamba kila kikombe ni cha mililita 200. Wakati wa zoezi, washiriki hupima kwa chombo chenye alama kikombe wanachokitumia kituoni, kisha hujaza safu wenyewe. Hii ndiyo nafasi tupu yenye maana. Zile sentensi zilizotobolewa ili mshiriki aandike neno alilolisikia humfanya awinde neno tu.

Kisha yapo mambo ambayo slaidi huyagusa kwa swali na kitini huyajibu kikamilifu. Slaidi inaweza kuuliza tu: “Akitapika?” Ukumbi ukishajadili, kitini hubaki na maagizo kwa sentensi nzima: subiri dakika 10, kisha endelea kumpa, lakini taratibu zaidi. Vivyo hivyo kwa hatua ya saa ya nne: mtoto hutathminiwa upya, hupangiwa Mpango A, B au C kulingana na hali yake, na huanza kulishwa. Onyo kuhusu mtoto mwenye utapiamlo mkali huwekwa juu kabisa ya jedwali, si chini kwa herufi ndogo, kwa kuwa dalili za upungufu wa maji humdanganya mpimaji kwa mtoto huyo, na jedwali hili si lake.

Wakati wa kugawa nao ni sehemu ya usanifu. Kitini chenye majibu kikitolewa mlangoni, swali la slaidi hufa kabla ya kuulizwa. Kikitolewa mwishoni kabisa, washiriki hushinda wakinakili ukuta kwa hofu ya kukosa. Kwa somo hili inafaa kutangaza mwanzoni kwamba jedwali litatolewa, kisha kuligawa zoezi linapoanza. Upande wa mbele wa A4 huwa na jedwali, na upande wa nyuma hatua za kufuata.

Kuna kosa linalojificha kwa urahisi. Slaidi hurekebishwa usiku wa mwisho, kitini kikiwa tayari kimetolewa kopi. Mtoto wa kilo 12 akibadilishwa kuwa wa miezi 12, mshiriki hatampata jedwalini. Kabla ya kuchapa, kila mfano wa slaidi hutafutwa kwenye kitini kwa kipimo kilekile: kilo kwa kilo, mililita kwa mililita, na jina la Mpango lilelile.

Jaribio la mwisho hufanywa na mhudumu ambaye hakuhudhuria somo. Hupewa kitini peke yake na kuulizwa kiasi cha mtoto wa kilo 8, muda wa kukitoa, na la kufanya mtoto akitapika. Akijibu 600 lakini akasita kwenye muda, sentensi ya muda imeandikwa vibaya. Slaidi nazo hujaribiwa kwa kinyume chake: mtu huyohuyo akizielewa zote bila msemaji, zina maneno mengi mno na sehemu yake ihamie karatasini.

Chini ya ukurasa huandikwa jina la mwongozo uliotumika na mwaka wake. Slaidi husasishwa kwenye kompyuta moja, lakini kitini kikishabandikwa ukutani mwa zahanati hukaa miaka, na mwongozo ukibadilika, msimamizi hukitambua cha kung’oa kwa mstari huo.