Herufi Ishirini

WhatsApp humpa mbunifu wa roboti wa mazungumzo vitufe vitatu tu chini ya ujumbe, na kila kitufe hakizidi herufi 20, nafasi zikihesabiwa. Ukizidisha moja, ujumbe mzima unakataliwa. "Kuzungumza na mhudumu" ni herufi 21. "Ripoti bomba linalovuja" ni 23. Kiswahili chetu, chenye vitenzi vinavyobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mkupuo, hakiingii kirahisi katika kijisanduku hicho, na ndiyo maana nawavulia kofia wanaoifanya kazi hii vizuri.

Tuseme ni roboti wa mamlaka ya maji ya mji fulani. Mwandishi mvivu ataanza na "Karibu! Nikusaidie nini leo?" Ni maneno ya ukarimu, lakini yanaahidi kila kitu. Mteja ataandika aya nzima kuhusu mita iliyosomwa vibaya tangu Ramadhani, jirani aliyejiunganishia bomba na fundi asiyepokea simu, kisha ajibiwe: "Samahani, sijaelewa." Hapo imani imekwisha, na kosa halikuwa la mteja. Mama ntilie mwenye heshima hukwambia samaki wameisha kabla hujavuta kiti.

Mwandishi stadi huandika hivi: "Karibu. Mimi ni roboti wa mamlaka ya maji, si mtu. Naweza kukuonyesha deni lako, kupokea taarifa ya bomba linalovuja, au kukufikisha kwa mhudumu. Siwezi kurudisha maji yaliyokatwa wala kubadilisha jina la mteja. Ujumbe wa sauti siusikilizi, tafadhali niandikie." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi wetu hatuandiki, tunarekodi. Asiyeambiwa mapema atazungumza dakika mbili akitembea barabarani, na roboti hataambulia hata neno. Tena ona kwamba hayakutajwa yote yasiyowezekana, kwani orodha hiyo haina mwisho. Yametajwa yale mawili ambayo watu huyaomba sana.

Kisha vitufe. Mteja akibonyeza, maneno ya kitufe hujitokeza kwenye mazungumzo kama jibu lake mwenyewe. Kwa hiyo yanapaswa kuwa maneno ambayo yeye angeyasema. "Angalia deni la maji" yanatosha, herufi 20 kamili, lakini ni amri ya afisa. "Nadaiwa kiasi gani?" ni herufi 19 na ni sauti ya mteja. Chini yake "Bomba linavuja", kisha "Naomba mhudumu". Nyuma ya pazia kila kitufe kina kitambulisho ambacho mteja hakioni:

```
{"type":"reply","reply":{"id":"deni","title":"Nadaiwa kiasi gani?"}}
```

Programu husoma `id`, si maneno. Hivyo maneno yanaweza kunolewa kila wiki bila kugusa mtambo. Lakini `id` ya zamani isifutwe: vitufe vya juzi hubaki kwenye simu, na mtu anaweza kupandisha mazungumzo juu akabonyeza cha wiki iliyopita.

Kitufe kinachodanganya kuliko vyote ni cha mhudumu. Saa tano usiku ofisini hakuna mtu, na "Naomba mhudumu" humwacha mteja akikodolea macho kioo cha simu. Baada ya saa za kazi, stadi hukibadilisha kiwe "Nipigiwe kesho". Ijumaa usiku hata hicho ni uongo, kwa hiyo huandika "Nipigiwe Jumatatu". Na ni kupigiwa, si kuandikiwa: saa 24 zikipita tangu ujumbe wa mwisho wa mteja, WhatsApp hairuhusu ofisi kumwandikia isipokuwa kwa kiolezo kilichoidhinishwa mapema. Aliyeandika Ijumaa yuko nje ya dirisha hilo Jumatatu asubuhi.

Kuna pia adabu ya kujua wakati wa kunyamaza. Aliyeanza na "Shikamoo" au "Habari za asubuhi" apewe ukaribisho wote, salamu yake ikiitikiwa kwanza. (Roboti asiyeitikia salamu huonekana mjeuri, hata kama kila mtu anajua ni mashine.) Lakini aliyeanza na "Bomba limepasuka hapa sokoni, maji yanajaa barabarani" aulizwe mara moja alama iliyo karibu. Kujitambulisha kuwa roboti kunaweza kukaa katika sentensi hiyohiyo.

Kupima kazi hii hakuhitaji dodoso. Fungua kumbukumbu za mazungumzo, usome ujumbe wa kwanza ulioandikwa baada ya ukaribisho na watu walioruka vitufe. Wakiandika "deni" kwa mkono ilhali kitufe kipo, maneno ya kitufe hayajawagusa. Wakiandika "token", wanataka kitu ambacho hujakitaja popote, na itabidi uamue kama kinaingia kwenye vitufe au kwenye sentensi ya "siwezi".