Kura moja, lakini gharama si moja

Wandugu, wakulima wa Mubambiro walinipa nisome sheria za ndani za kooperative yao ya maharagi. Prezida yuko, mutunza sanduku yuko, na kila memba ana kura moja. Ni sawa: sheria ya OHADA ya 2010 inaomba hivyo, na kooperative ndogo inaanza na watu 5.

Kosa iko kwa gharama. Wameandika: "Kamiyo ya Goma tutalipa sawasawa." Tupige hesabu. Watu 5, mifuko 20, kamiyo 100.000 FC: kila mutu 20.000. Mama wa mifuko 2 analipa 10.000 kwa mufuko. Mwenye 8 analipa 2.500 tu. Kumbe mudogo ndiye anabeba mukubwa! Hatagomba kwa mukutano. Ataleta mufuko 1, ule mwingine atauzisha pembeni ya barabara. Mifuko ikianza kupungua siku ya kupakia, mujue sababu.

Mimi ningeandika: kura kwa kichwa, gharama kwa mufuko. Kila mufuko 5.000: mama 10.000, mwenye 8 40.000. Na ihesabiwe mbele ya wote, mbele kamiyo iondoke.