Mwanza hadi Bukoba: kilomita 180, 420 au 444?

Miezi michache iliyopita nililetewa jedwali la umbali kati ya miji ya Kanda ya Ziwa. Lilitengenezwa ili kupangia mafuta ya magari na siku za safari, nami niliombwa kulihakiki kabla halijaanza kutumika. Kila mstari ulikuwa na safu mbili za namba: umbali wa mstari ulionyooka na umbali wa barabara. Mstari wa Mwanza na Bukoba ulisomeka kilomita 444 kwa mstari ulionyooka, na 420 kwa barabara. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Zimekaribiana, sawa."

Hazikuwa sawa hata kidogo. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Gari likipinda mara moja tu njiani, kilomita zake zimeshazidi za ndege anayekata moja kwa moja. Kwa hiyo safu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, namba mojawapo ni ya uongo, hata kama zimefanana kiasi gani. Katika uhakiki wa umbali hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji ramani wala kompyuta.

Kazi iliyobaki ilikuwa kujua ipi ni ya uongo. Nilianza na mstari ulionyooka kwa kuwa unakokotoleka kwa karatasi na kalamu. Mwanza mjini iko karibu na latitudo -2.52 na longitudo 32.92. Bukoba iko -1.33 na 31.81. Alama ya kutoa mbele ya latitudo maana yake ni kusini mwa ikweta. Huku kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ni takriban kilomita 111, iwe ya latitudo au ya longitudo. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 1.19, yaani kilomita 132. Tofauti ya longitudo ni 1.11, yaani kilomita 123. Hizo ni pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na mstari tunaoutafuta ni upande wake mrefu: 132 mara 132, ongeza 123 mara 123, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla. Jibu ni kilomita 180.

Njia hii ya mkono inatosha kwa Afrika Mashariki yote. Ukienda mbali na ikweta, nyuzi za longitudo husinyaa na hesabu ya 111 hukosea. Maskati, kwa mfano, nyuzi moja ya longitudo imebaki kama kilomita 102. Lakini hapa ziwani tofauti haifiki hata kilomita moja.

Basi 444 ilitoka wapi? Nilijaribu makosa ya kawaida moja baada ya jingine, na la pili likajibu. Nilifuta alama ya kutoa kwenye latitudo ya Mwanza. Sasa tofauti ya latitudo haikuwa tena 2.52 kutoa 1.33, bali 2.52 kujumlisha 1.33, yaani nyuzi 3.85, karibu kilomita 427. Ukiunganisha na zile 123 za longitudo unapata 444 kamili. Kwa kukosa kistari kimoja, Mwanza ilikuwa imehamia kaskazini mwa Uganda, si mbali na mji wa Lira, na jedwali lilikuwa linapima kutoka huko hadi Bukoba.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kosa hilo lazima lilikuwa kwenye kila mstari unaoanzia Mwanza, na bado halikuonekana. Nikaangalia Geita. Kwa latitudo iliyokosewa, Mwanza hadi Geita ingetoka kilomita 603, namba ambayo mtu yeyote wa kanda hiyo angeishtukia. Kwenye jedwali palikuwa na 120. Ni wazi mtu aliiona 603, akaijua si kweli, akaandika kwa mkono namba anayoifahamu, ambayo ni ya barabara, kwenye safu ya mstari ulionyooka. Hakutafuta chanzo. Mstari wa Bukoba ulinusurika kwa sababu uongo wake ulifanana na ukweli wa safu ya jirani. Kosa linalotoa namba ya ajabu hukamatwa mapema. Hili lililotoa namba yenye sura ya kawaida lingesafiri na jedwali hadi mwisho.

Baada ya kupata 180, swali likageuka. Barabara ya 420 ikigawanywa kwa 180 inatoa 2.3. Kwa safari nyingi kati ya miji, uwiano huu huwa kati ya 1.2 na 1.4. Ukizidi 2, ama kuna mlima, mto au maji katikati, ama kuna kosa jingine. Hapa tunajua kuna Ziwa Viktoria, ila kusema "kuna ziwa" hakuthibitishi kwamba ni 420 na si 350 au 500.

Namna ya kuthibitisha ni kuukata mstari pale barabara inapolazimika kupita. Gari la kwenda Bukoba hutoka Mwanza, huvuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi, hupita Sengerema na Geita, huzunguka kona ya kusini magharibi ya ziwa hadi Biharamulo, kisha hupanda kaskazini kupitia Muleba. Nikachukua Geita na Biharamulo kama vigingi na kupima mistari mitatu iliyonyooka badala ya mmoja. Mwanza hadi Geita ni kilomita 86. Geita hadi Biharamulo ni 106. Biharamulo hadi Bukoba ni 155. Jumla ni 347. Sasa 420 ukigawanya kwa 347 unapata 1.21. Uwiano umerudi palepale unapotarajiwa, maana yake 420 inaaminika, na ile ziada yote ilikuwa ni kulizunguka ziwa. Kama ungebaki 1.8 au ungeshuka chini ya 1, ningerudi kwenye ramani kutafuta kilichopotea.

Anayetaka kupata umbali wa barabara kutoka kwenye programu ya njia anaweza kuuliza OSRM, inayotumia ramani ya OpenStreetMap:

```
http://router.project-osrm.org/route/v1/driving/32.92,-2.52;31.81,-1.33?overview=false
```

Angalia mpangilio. Hapa longitudo inatangulia, wakati ramani nyingi za simu hutanguliza latitudo. Ukizigeuza, Mwanza inaangukia mashariki mwa Moroko. Jibu hutoa `distance` kwa mita na `duration` kwa sekunde. Sehemu ya `waypoints` nayo ina `distance` yake, inayoonyesha nukta yako ilisogezwa mita ngapi hadi barabara ya karibu. Mimi huisoma hiyo kwanza. Ikiwa ni kilomita kadhaa, nukta yako iko majini au porini, na programu imekuchagulia pa kuanzia bila kukuuliza.

Ukibaki kwenye kilomita bado hujamjibu anayetaka kujua Bukoba ni mbali kiasi gani. Nilipiga simu kwa dereva wa basi ambaye amekuwa akienda njia hiyo kwa miaka mingi. "Shikamoo mzee, Nyegezi hadi Bukoba ni kilomita ngapi?" Akaitikia, kisha akanijibu kwa saa: wakitoka stendi ya Nyegezi saa 12 asubuhi, wanaingia Bukoba kati ya saa 7 na saa 8 mchana. "Kilomita hazijawahi kunichelewesha, mwanangu. Kilichokuwa kinanichelewesha ni pantoni."

Jibu lake linapimika. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Hata kama barabara yote ingekuwa wazi na basi lisisimame popote, 420 kwa 80 ni saa 5 na robo. Huo ndio mpaka wa chini, na anayekuambia saa 5 amekosea au anavunja sheria. Kwa muda wa dereva, mwendo wa wastani unatoka kati ya kilomita 52 na 60 kwa saa, jambo la kawaida kwa basi linaloshusha abiria, linalopimwa kwenye mizani na kupunguza mwendo kila kijiji.

Na hilo la pantoni lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa miaka mingi magari yalivuka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko, na foleni ikiwa ndefu mtu aliweza kukaa hapo kwa muda wa saa 2. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unalivuka chini ya dakika 4. Mstari ulionyooka haukubadilika hata mita moja. Umbali wa barabara nao ulibaki karibu uleule, kwa kuwa kilomita 3 za maji zimekuwa kilomita 3 za lami. Muda peke yake ndio uliobadilika, tena sana. Kwa hiyo safu ya muda isiyo na tarehe siiamini. Saa 9 na saa 7 zote zinaweza kuwa kweli kwa njia ileile, moja kabla ya Juni 2025 na nyingine baada yake. Programu ya njia pia huangukia hapa: ikiwa ramani yake bado inapitisha gari kwenye kivuko, au inahesabu kuvuka tu bila foleni, `duration` yake haifanani na safari ya mtu yeyote.

Kuna pia njia inayokaribia ule mstari wa 180 wenyewe. Meli kutoka bandari ya Mwanza hupita ziwani usiku na kufika Bukoba asubuhi. Meli ya abiria ikienda kilomita 24 kwa saa, kilomita 180 ni saa 7 na nusu, kabla ya kuhesabu kutia nanga Kemondo. Basi lenye zaidi ya mara mbili ya kilomita zake linafika kwa muda uleule. Ndege hufuata mstari huohuo kwa muda usiofika saa moja angani.

Jedwali nililolirudisha lilikuwa na safu tano badala ya mbili. Mstari wa Bukoba sasa unasomeka: mstari ulionyooka 180, barabara 420 kupitia Geita na Biharamulo, uwiano 2.3 kwa sababu ya ziwa, basi saa 7 hadi 8 baada ya daraja, kipimo kutoka katikati ya mji. Neno hilo la mwisho nililiweka kwa sababu stendi ya Nyegezi iko kusini mwa mji na uwanja wa ndege uko kaskazini, na kati yao kuna kilomita za kutosha kumfanya mhakiki mwingine adhani nimekosea. Mistari mingine yote ya Mwanza niliikokotoa upya, ikiwemo ya Geita, ambayo sasa ina 86 pale palipokuwa na 120.